Niliandika Siku, Mahali na Saa

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Barua hii imenichukua jioni tatu, na ukurasa wa kwanza nimeuchana mara mbili kwa sababu ya aibu.

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Tunduma, nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Nilitoka Msangano nikiwa na majogoo wawili na matetea watano. Mwaka jana mtu mmoja aliniunganisha kwenye kundi la wafugaji kwenye simu. Mle ndani nilikuwa nasoma tu, siandiki. Siku moja dada mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akauliza kwa nini vifaranga wake wanasinzia na kushusha mabawa. Hakuna aliyemjibu. Nilikaa na simu mkononi mpaka uji ukapoa, halafu nikamwandikia pembeni: "Angalia kinyesi. Kikiwa na damu, nenda duka la dawa za mifugo leo leo, na ubadilishe maranda ya sakafuni."

Kesho yake akaandika: "Wamebaki tisa, na wanakula. Asante, daktari."

Mimi daktari! Nilicheka peke yangu bandani.

Tangu hapo tuliandikiana karibu kila siku. Alikuwa Mnamwanga kama mama yangu, na bibi yake alizaliwa upande wetu. Tulizungumza habari za kuku, kisha za kanisa, kisha za baba yake ambaye hapendi kelele za jogoo. Kwenye simu sikuwa na kigugumizi. Maneno yalikuja polepole, lakini yalikuja.

Tatizo lilikuwa moja. Nilitaka kumwona, na sikujua kusema. Mara mbili aliniandikia: "Jumamosi nitapita Tunduma." Mara zote mbili nilimjibu: "Karibu sana, tutaonana siku moja." Nilidhani nimemwalika.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyenifumbua macho. Alinikuta natabasamu na simu akaninyang'anya, akasoma.

"Wewe shemeji, huyu anakufungulia mlango halafu wewe unamwambia karibu sana ukiwa umesimama nje!"

"Nimemkaribisha."

"Umemkaribisha wapi? Siku moja ndiyo siku gani? Hata mgeni wa msiba anaambiwa mazishi saa ngapi."

Niliinamisha kichwa. Akavuta kigoda, akaanza kunifundisha huku anamenya viazi. Nayaandika hapa kwa sababu nadhani ni maneno mazuri, ingawa mimi sikuyatumia vizuri.

"Kwanza, anzia pale maongezi yenu yalipo. Mnaongea nini sasa hivi?"

"Vinyweshea vya vifaranga. Natengeneza kwa galoni za mafuta. Anataka kujua natoboa wapi."

"Basi hapo hapo. Mwambie aje aone. Usimwite nyumbani, hamjawahi kuonana. Mwite mahali penye watu, mchana, ambapo hata akiondoka ghafla hapotei. Mwambie ni muda mfupi, ajue mwisho uko wapi. Na mwachie njia ya kukataa bila kuona haya."

"Nimpelekee kinyweshea kimoja kama zawadi?"

"Thubutu! Ataona amefungwa. Kampelekee akione, akikipenda ataomba mwenyewe."

Niliandika kwanza kwenye daftari, ndipo nikanakili kwenye simu. Nayakumbuka yote: "Kile kinyweshea ni rahisi kukuonyesha kuliko kukueleza. Jumamosi hii saa nane mchana nitakuwa kwenye kibanda cha chai na maandazi kilicho mbele ya kanisa letu, njia ya sokoni. Nitavaa shati la bluu na nitakuwa na galoni ya njano. Ni nusu saa tu, halafu narudi kwa kuku. Ukiweza nitafurahi. Usipoweza hakuna neno, tutaendelea kuongea kama kawaida."

Shemeji alisoma akapiga makofi. "Hapo sasa! Hata mimi ningekuja."

Jibu lilikuja kabla viazi havijaiva. "Nakuja. Kanisa lenu nalijua. Nitavaa kitenge cha kijani."

Wiki ile sikula vizuri. Jumamosi nilifika kibandani saa nane kasorobo, nikaagiza chai, nikaweka galoni miguuni. Saa nane ikafika. Nikaandika: "Nimefika." Ikabaki tiki moja, haijamfikia. Saa nane na nusu nikapiga simu mara moja kwa njia hiyo hiyo ya intaneti, haikupatikana. Kila kitenge kilichopita nilikigeukia. Vijana wawili wa bodaboda wakaanza kunitania. "Bro, hiyo galoni unasubiria mafuta au unasubiria mtu?" Mama wa maandazi akawakemea, lakini naye alikuwa ananihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko utani.

Saa tisa kasorobo niliondoka. Njiani nilijiambia kwamba ameniona kwa mbali akageuza. Kwamba ameona mtu wa kijijini na galoni. Nilipofika nyumbani nilimfungia ile namba, asiweze kuniandikia, kwa sababu sikutaka kusoma uongo wa kuniliwaza. Kisha nikazima simu.

Siku nne nilipita njia nyingine. Ya tano mama wa maandazi akaniona, akaniita kwa sauti.

"Kijana wa galoni! Mbona ulimkimbia mwenzio?"

"Nani?"

"Dada wa kitenge cha kijani. Alikuja saa tisa kamili, anahema. Akakaa pale pale ulipokaa. Nikamwambia umeondoka sasa hivi. Akasema hapana, saa nane ndiyo inafika. Akanionyesha simu yake, kweli ilisema saa nane."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nakonde saa zao zipo nyuma ya zetu kwa saa moja. Tunduma hata mtoto anajua. Mtu akikuambia saa, unamuuliza: ya huku au ya kule? Mimi niliandika siku, mahali, shati, na rangi ya galoni. Neno hilo moja sikuliandika. Aliandika Kiswahili kama sisi, aliongea kama mama yangu, nikasahau kwamba anaamka upande mwingine.

Nilifungua namba yake papo hapo, nikaandika. Nilimweleza habari ya saa, nikaomba radhi kwa kumfungia, nikamwalika upya, Jumamosi, saa nane ya kwenu, mahali pale pale.

Alijibu jioni.

"Habari ya saa niliielewa siku ile ile, nikacheka. Bando langu lilikuwa limeisha, nilijiunga nilipofika pale. Nikakuandikia kwamba nimefika, ikabaki tiki moja. Picha yako ikapotea. Nilikaa nusu saa mbele ya watu. Kosa la saa si kosa. Lakini ulinifungia mlango kabla hujaniuliza. Naogopa mtu wa namna hiyo. Sina kinyongo na wewe. Tuishie hapa, na kuku wako wazidi."

Nilimjibu neno moja tu, "Nimekuelewa." Mara nyingi nimeandika meseji nyingine na kuzifuta bila kutuma. Amesema tuishie hapa, na sentensi yake ilikuwa wazi kuliko yangu.

Shemeji anasema ningejaribu mara moja zaidi. Kaka anasema hapana. Mimi sijui, na vifaranga wanapokunywa maji bandani bado namfikiria. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama uliwahi kuondoka mapema mahali uliposubiri, niandikie. Hata mistari miwili inatosha. Ninasoma polepole, lakini nitasoma yote.