Dawa Tuliyoitoa Desemba

Mimi nachukia kitu kilichopinda. Nyumbani masufuria yangu yanapangwa kwa ukubwa, na mgeni anayenicheka kwa hilo hapewi chai ya pili. Kazini ilikuwa vilevile. Nilikuwa mwandishi wa takwimu katika famasia ya hospitali moja ya hapa Likasi. Dawa nyingi zilihesabiwa kwa kadi za rafuni, lakini wagonjwa wa kisukari walikuwa wangu: kila chupa ya insulini iliyotoka dirishani niliiingiza kwenye kompyuta, jina kwa jina, na kila baada ya miezi mitatu nilitengeneza ripoti. Kwa ripoti hiyo bohari ya dawa kule Lubumbashi iliamua itutumie chupa ngapi. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikukosea kwa uvivu. Nilikosea kwa usafi.

Kompyuta ya zamani ilikufa mwishoni mwa Juni. Wafadhili wakatuletea nyingine kutoka Amerika, nzuri, nyepesi, kila kitu kwa Kiingereza. Mfamasia mkuu, mzee anayechapa kwa kidole kimoja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, aliitazama akasema hiyo ni ya vijana. Akaniachia. Nikaanza jedwali jipya tarehe moja Julai, nikaandika tarehe kama nilivyofundishwa shuleni na kama kila mtu katika nchi hii anavyoandika: siku kwanza, mwezi baadaye. Tarehe tatu Julai nikaandika 3/7. Kwenye kioo ikatokea 3/7. Ningetaka nini zaidi?

Kumbe mashine ilikuwa na desturi ya kwao, mwezi kwanza. Kwake 3/7 ilikuwa tarehe saba Machi. Na ilipokutana na 25/7 ilitafuta mwezi wa ishirini na tano, ikaukosa, ikakataa kuihesabu kuwa tarehe, ikaiweka kama maneno matupu. Haikulia wala haikuonyesha rangi nyekundu. Alama yake ilikuwa moja tu: tarehe ilizozikubali zilikaa upande wa kulia wa safu, na zile ilizozikataa zikakaa kushoto.

Niliiona alama hiyo. Siku ya kumi na tano, ya kumi na sita, niliona safu yangu imepinda, nyingine huku, nyingine kule, kama meno ya mtoto. Ikanikera. Nikaichagua safu nzima nikaiweka katikati. Ilipendeza sana. Nilimwita hata mzee aje aitazame.

Mwanzoni mwa Oktoba nikatoa ripoti. Fomula ilijumlisha chupa zote zilizotoka kuanzia Julai mosi hadi Septemba thelathini. Kila kilichoandikwa kama maneno kilirukwa, na kila kilichohamishiwa Machi au Desemba kikarukwa pia. Zilizobaki zilikuwa chupa tulizotoa tarehe saba, nane na tisa za kila mwezi, ambazo hata zikigeuzwa zinabaki kati ya Julai na Septemba, basi. Siku tisa zikasimama badala ya miezi mitatu.

Mzee alishika karatasi, akavua miwani.

“Mwana wangu, insulini njo hii tu? Minye naona ni kidogo.”

“Papa,” nilimjibu, na najua nilimjibu kwa sauti gani, “mashini haikosei kujumlisha.”

Ni kweli haikukosea kujumlisha. Mzee akatia sahihi.

Kule bohari wakapiga hesabu yao. Friji yetu ilikuwa na chupa za kutosha mwezi mmoja, lakini kwa ripoti yangu zilitosha hadi katikati ya mwaka ujao. Gari lilipofika Novemba lilishusha kila kitu isipokuwa insulini, na kwenye hati, mbele ya insulini, palikuwa na sifuri. Nikasema wamesahau, italetwa na gari linalofuata. Sikupiga hata simu.

Wiki hiyohiyo, insulini ikiwa imekwisha, alikuja mama mmoja anayeuza mihogo sokoni. Mume wake ni mchimbaji Kambove, na binti yao wa miaka kumi na mmoja anaishi kwa sindano mbili kwa siku. Mtoto wa namna hiyo mwili wake hautengenezi insulini hata tone. Mama akasimama dirishani na kisanduku chake cha barafu.

“Bado kufika, mama,” nikamwambia. “Uje juma ingine. Itafika tu, usiogope.”

“Iko na kidogo tu kwa chupa.”

“Itafika.”

Akaniamini. Akaenda nyumbani akafanya lile ambalo mama yeyote mwenye akili angelifanya na chakula: akapunguza. Nusu asubuhi, nusu jioni, kisha robo. Hakumwambia mtu, maana aliahidiwa juma moja, na alikuwa na hakika kwamba kwa kupunguza atalifikia.

Hakulifikia. Walimleta mtoto saa nne asubuhi, baba yake kambeba mgongoni, anatapika, anapumua haraka na kwa kina kama aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake inanuka matunda yaliyooza. Daktari hakuhitaji kumpima ili ajue. Wodi ya mahututi ilikuwa na chupa moja ya insulini ya haraka, ya mwisho, na kwa hiyo na kwa maji ya mshipani wakamrudisha. Lakini chupa ile ingemtoa shimoni tu. Kuanzia keshokutwa angehitaji ile yake ya kila siku, na katika friji yangu hapakuwa na kitu. Nilifungua mlango mara mbili, kana kwamba mara ya pili ingekuwa friji nyingine.

Ndipo nikakaa kwenye kompyuta. Nilitaka kuonyesha kwamba bohari ndiyo imekosea, nilikuwa tayari kuwapigia kelele. Ili niwasomee vizuri, nikaiamuru mashine iandike kila mwezi kwa jina lake badala ya namba. Nusu ya safu haikusogea hata kidogo. Nusu nyingine ikabadilika. Mstari wa yule mtoto, chupa niliyompa mama yake kwa mkono wangu tarehe kumi na mbili Septemba, ulisomeka Desemba, tarehe tisa. Tulikuwa Novemba. Kwa mashine yetu, tulikwisha kutoa dawa ya siku ambayo haijafika.

Nikaiondoa safu katikati, nikaona kushoto na kulia vinarudi mahali pake. Nikamwita mzee, nikamwonyesha. Hakunikaripia, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Alisema tu: “Piga simu Lubumbashi. Kiisha, piga kwa kila mugonjwa.”

Bohari walisema watatuma kwa dharura, siku tano, si chini ya hapo, maana ghala lao lenyewe lilikuwa linangoja lori kutoka mpakani. Maduka ya dawa ya Likasi hayakuwa na kitu. Famasia moja ya Lubumbashi ilisema iko nayo, na nilipokuwa natafuta viatu vyangu niifuate ikapiga tena kusema imekwisha kuuzwa. Nikashika orodha yangu nzuri, iliyonyooka, nikawapigia wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Fikiria unavyoanza simu ya namna hiyo. Unamwomba mtu ambaye amebakiwa na kidogo, na ambaye wewe ndiye umemkosesha kingi. Watatu walisema hawana. Mmoja alikata simu, na haki ilikuwa yake.

Wa tano alikuwa babu mmoja wa Kambove, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha shaba. Kwa sababu anakaa mbali tulimpa chupa mbili kwa safari moja.

“Minye iko na moja haiyafunguliwa,” alisema. “Ni ya mutoto wa miaka ngapi?”

Nikamwambia.

“Minakuya.”

Alifika kwa pikipiki akiwa amekumbatia chungu kidogo cha udongo kilichofungwa kitambaa kibichi; hivyo ndivyo alivyohifadhi dawa yake bila friji. Mzee wetu akaiviringisha chupa viganjani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta mabonge. Hayakuwapo. Ilikuwa aina ileile ya mtoto. Nilimuuliza babu atabaki na nini, akasema atakula kidogo na kuomba sana. Kidonda cha mguu wake, kilichokuwa kimeanza kufunga, kilifunguka tena siku zile, na hadi leo anatembea na fimbo. Anasema ni uzee. Yeye na mimi tunajua si uzee.

Siku ya pili, mtoto akiwa amelala na sukari imeshuka, nilimwendea mama yake wodini. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha siku nzima.

“Mama, bohari haikusahau. Ni minye. Ile ripoti niliandika mubaya.”

Alikuwa anamfuta mtoto shingo. Hakuacha.

“Wewe njo uliniambia itafika.”

“Ndiyo.”

“Ungeniambia kweli, ningetafuta. Ningeenda kwa miguu mpaka Mulungwishi. Minye nilikuwa namupunguzia mutoto dawa juu ya neno lako.” Kisha akasimama. “Nionyeshe.”

Nikampeleka ofisini. Nikamwonyesha mstari wa binti yake. Yeye husoma polepole, akiweka kidole chini ya neno. Akasoma jina, akasoma mwezi.

“Hii ni Décembre.”

“Ni Septembre, mama. Mashini iligeuza.”

“Sasa kwa mashini yako, mutoto wangu alishakamata ya Décembre.” Aliondoa kidole kwenye kioo. “Na weye unajua kama atafika Décembre?”

Sikujua. Nilisimama pale na mikono yangu misafi, nikalia mbele ya mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kunibembeleza. Akarudi kwa mtoto wake.

Dawa ilifika siku ya sita. Mtoto yuko hai, yuko darasa la sita, na hupenda kuniuliza kwa nini kalamu zangu zote zinatazama upande mmoja. Mashine tuliibadilisha ifuate siku kwanza, jedwali nikaliandika upya mstari kwa mstari kutoka kwenye daftari la karatasi, na miezi naiandika kwa jina. Mzee alinikingia kifua kwa wakubwa, nikabaki na kazi.

Mama yake huja kila mwezi. Ananisalimia kama anavyosalimu ukuta. Ninapoweka chupa dirishani haigusi. Anangoja niandike, kisha anasema:

“Sema mwezi.”

Nausema kwa sauti, watu wote wa foleni wanasikia, wengine wanacheka wakidhani ni mchezo wetu. Yeye hacheki. Anasikiliza mpaka mwisho wa neno, ndipo anachukua dawa.