Neno Lililokosekana Daftarini

Hadijah wa Matungu alikuwa karani wa mawe katika kambi ya watafiti wa dhahabu karibu na Khayega. Kila jiwe lililotolewa ardhini kwa mashine alililinganisha na chati ya rangi, akaandika namba yake daftarini.

Mwaka 1996, Kipsang, mwendesha mashine, alishutumiwa kubadilisha mawe ili aibe yenye dhahabu. Kuhusu jiwe moja, daftari lilisema N3, kijivu iliyokolea. Jiwe lenyewe, lililohifadhiwa sandukuni, lilikuwa N5, kijivu ya wastani.

"Funga mizigo yako uende," mkuu wa kambi alimwambia.

Hadijah angeweza kunyamaza.

"Ngoja, mzee," alisema. Alilimwagia jiwe maji, akaweka chati kando yake: N3.

"Maji yamejaza vijishimo vya juu. Mwanga unapenya zaidi na kumezwa na jiwe, unaorudi machoni ni kidogo. Nililisoma likiwa limelowa, wala sikuandika hivyo. Kosa ni langu."

"Kumbe ni kama shati langu likinyeshewa!" Kipsang alicheka.

Mkuu alimrudisha kazini, kisha akamkaripia Hadijah mbele ya wote. Hadijah alichukua kalamu, akaandika kando ya namba ile: limelowa.