Kelele za Siku Kumi na Nne

Katika maisha yangu sijaandika barua nzuri kama ile niliyomwandikia jirani yangu wa chumba cha nne, na nusura barua hiyo imfukuze mjini. Hilo naliweka wazi mapema, maana najijua: nikiachwa nisimulie nitakavyo, nitajitoa msafi.

Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari ya wakoloni, nami nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya mifugo mjini Meru. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa vibali vya ng'ombe. Ng'ombe wa Ruiri hakuweza kwenda mnadani bila karatasi yenye muhuri, na muhuri wenyewe, wenye taji, ulikaa juu ya meza yangu. Binadamu naye hakuweza kwenda popote bila karatasi, ila ya kwake ilitolewa ofisi nyingine na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya ng'ombe.

Nilipanga chumba cha tatu katika safu ya vyumba vitano vya udongo na mabati. Chumba cha nne alikaa mama mmoja mjane kutoka upande wa Embu, mhudumu wa zamu ya usiku hospitalini. Alikuwa na kibali kimoja tu, kilichomruhusu kutoka hospitalini kwenda chumbani na kurudi. Hakikumruhusu hata kupitia sokoni kununua ndizi. Alirudi saa moja asubuhi, akalala mchana kutwa, akaondoka jua likikaribia kuzama. Tulitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya ananiombea afya akiwa kitandani kwake.

Basi siku moja akaja bwana afya. Akatazama sakafu yangu ya udongo kama mtu aliyetiliwa mchanga kwenye chai, akaandika kwenye kijitabu chake. Chumba kitiwe sakafu ya saruji na kuta zipigwe lipu ndani ya wiki mbili kuanzia Jumatatu ijayo, la sivyo kifungwe. Na katika mji ule, mtu asiye na chumba hakuwa na anwani, na asiye na anwani alipakiwa kwenye lori, akarudishwa kijijini akachimbe handaki. Mwenye nyumba, mfanyabiashara aliyekaa Laare na miraa yake, alinitumia salamu kwamba ananitakia kila la heri.

Nikapata fundi mzuri. Tatizo lilikuwa saa. Fundi aliishi katika kimoja cha vile vijiji vilivyozungushiwa handaki, na lango lake lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Akitembea bila kusimama anafika kwangu saa mbili. Saa kumi alasiri lazima aweke sururu chini, arudi kabla lango halijafungwa. Kwa hiyo saa pekee ambazo serikali ilimruhusu fundi wangu kupiga kelele ndizo saa pekee ambazo serikali ilimruhusu jirani yangu kulala. Sijui ni nani aliyepanga, lakini alipanga vizuri.

Mtu mwenye malezi angefanya nini? Angesubiri mama aamke, apige hodi, aseme, "Mama, nisamehe, nina fundi." Huko kwetu mtu anayeomba radhi huenda mwenyewe, na mkononi ana kitu, hata kama ni kitita kidogo cha miraa au kibuyu cha uji. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Mtu aliyesoma haombi radhi kwa mdomo kama mchunga mbuzi. Nikabaki ofisini Jumamosi, nikaingiza karatasi kwenye taipureta, nikaandika:

"Kwa Jirani, Chumba Namba 4. Kuhusu: KELELE. Nakuarifu kwa heshima kwamba kuanzia Jumatatu sakafu ya Chumba Namba 3 itabomolewa na kutengenezwa upya kwa amri ya Bwana Afya. Kazi itaendelea kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri, kwa muda wa siku 14. Siku ya 1 na ya 2, kuchimba. Siku ya 3 na ya 4, kuvunja mawe na kuyashindilia. Siku ya 5, kumwaga zege. Siku ya 6 hadi ya 11 hakutakuwa na kelele, kwa kuwa saruji itakuwa ikinyweshwa maji ili isipasuke, nawe utalala. Siku ya 12 hadi ya 14, kupigilia waya ukutani na kupiga lipu. Naomba radhi kwa usumbufu wote."

Nikaisoma mara tatu, nikaipenda. Ilikosa kitu kimoja tu. Nikachukua muhuri wa taji nikaugonga chini, pap! Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba barua bila muhuri ilionekana uchi. Jumapili jioni, mama alipokwisha kwenda zamu, nikaisukuma chini ya mlango wake, nikalala usingizi wa mtu muungwana.

Jumatatu saa kumi nilirudi kutoka kazini nikamkuta fundi ananawa mikono. Alikuwa amechimba karibu nusu ya chumba, na udongo ulirundikwa nje. Mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi. Ndani palikuwa pamefagiwa, hakuna kitanda cha kamba, hakuna sufuria, hakuna sanduku la bati.

"Mama yuko wapi?" nikamwuliza fundi.

"Ameenda. Ni mtu mzuri sana huyo mama. Nilikuwa ndio naanza kupiga sururu, akatoka na karatasi mkononi. Akaniuliza, 'Unaanza na hii ama na yangu?' Nikamwambia naanza na hii, yake itafuata bwana afya akisema. Akasema asante. Mwenye mkokoteni akambebea vitu."

 Nilikuwa nimejua tangu mwanzo kwamba mama hasomi, isipokuwa tarakimu, maana alikuwa akisoma namba za vitanda hospitalini. Nilijua pia kwamba alikuwa na boma kule Embu, na kwamba siku moja mkuu wa mtaa alimletea karatasi yenye taji, yenye tarakimu za siku, na siku hizo zilipokwisha watu walikuja na sururu wakaangusha nyumba yake yeye akiangalia. Alinisimulia mwenyewe kupitia ukutani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nimemsukumia ung'ongo chini ya mlango, nikaupiga na muhuri juu.

Nikakimbia soko la Gakoromone, ambako mabasi ya Embu yalikuwa yakisimama. Soko lilikuwa linafungwa upesi upesi, wanawake wakikunja magunia ya njahi, yale maharagwe meusi, maana saa kumi na mbili ikikukuta nje ni shauri yako. Nikamwona kando ya barabara ameketi juu ya sanduku lake, kitanda kimesimama nyuma yake, karatasi imeshikwa kwa mikono miwili magotini. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Makondakta wote walimkataa, kwa sababu hakuwa na kibali cha kuvuka kwenda Embu.

"Muga, mama," nikamsalimu, nikihema.

"Muga, karani. Na wewe wamekutoa?"

"Hakuna aliyetolewa, mama. Hiyo karatasi ni yangu. Mimi ndiye niliyeiandika."

Akaigonga karatasi kwa kidole. "Wewe ndio unanihamisha?"

Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya ofisi, nikamsomea ile barua yote, siku ya kwanza hadi ya kumi na nne, sauti yangu ikizidi kunikera kila mstari. Nilipofika "naomba radhi kwa usumbufu wote" nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na taipureta yangu.

"Kelele?" akasema. "Ni kelele tu?"

"Ni kelele tu, mama."

"Karani, mimi nasikia wewe ukigeuka kitandani. Ukuta ni kama nguo. Ulishindwa kuniambia kwa ukuta?"

 Aliinua kanga akajifuta macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na sioni haya kusema hivyo.

Hapo ndipo askari wa msako alipotufikia. Karatasi yangu ilikuwa sawa. "Na wewe, mama? Kipande?" Kibali chake cha hospitali kilitaja barabara ile nyingine, na lori la kupakia watu lilikuwa limesimama karibu na vibanda vya viazi. Kabla sijafungua kinywa, mama akanyoosha mkono akampa barua yangu.

Nilikufa nikiwa nimeketi. Askari akiisoma, angekuta kwamba ofisi ya mifugo imetumia muhuri wa malkia kumwombea mtu radhi kwa ajili ya nyundo. Mama angepakiwa, nami ningepandishwa lorini nikae karibu naye. Askari aliishika juu chini. Akaigeuza, akautafuta muhuri, akaupata. Akaugusa kwa kidole. Kisha akazipata tarakimu.

"Siku kumi na nne," akasema kwa ukali.

"Ndiyo, effendi," mama akajibu.

"Zikiisha uwe na ingine." Akamrudishia, akaenda zake.

Kwa muhuri wa ng'ombe mama alipita kama mtamba aliyechanjwa. Tulibeba kitanda, sanduku likiwa juu yake, mimi mbele yeye nyuma, tukafika dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Alichelewa zamu usiku ule na akagombezwa na sista, akaniambia kesho yake kupitia ukutani.

Kazi iliendelea kama barua ilivyosema, kwa bahati zaidi kuliko kwa ustadi wangu. Siku tatu zilizobaki za kuchimba na kuponda mawe nilimpa ufunguo wa ghala la majani ya ng'ombe nyuma ya ofisi, akalala humo mchana, na hakuna aliyemwuliza, maana alionyesha barua. Siku ya tano zege lilimwagwa. Siku zile sita za kunywesha saruji niliimwagia maji asubuhi na jioni kwa kikombe, polepole, nikiogopa hata debe lisigonge. Kisha fundi akapigilia waya kwenye fito za ukuta, akarusha lipu, na bwana afya akaja akapita juu ya sakafu bila kusema lolote, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa.

Katika wiki hizo mbili, barua ile mkononi, mama alikwenda sokoni mara tatu. Alirudi na ndizi, akanipitishia nusu ya kichana mlangoni. Alinieleza habari za sokoni kama mtu aliyetoka safari ya mbali: nani anauza nini, viazi vya wapi vimeoza, mwanamke gani wa Embu alimsalimu kwa Kiembu. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kukaa mji mmoja na soko mwaka mzima na kusikia kelele zake tu.

Jioni ya siku ya kumi na nne, nikiwa nimelala chali nikifurahia ukimya nilioulipia kwa aibu, nikasikia akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Karani."

"Naam, mama."

"Hizi kelele zimeisha?"

"Zimeisha, mama. Kesho mchana utalala vizuri."

Akagonga tena.

"Andika zingine," akasema. "Za miezi sita."

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya mtu mwingine yeyote, nikafunga mlango, nikaandika kwamba Chumba Namba 3 kitaendelea kubomolewa. Nikachukua muhuri. Mara hii sikuugonga kwa mbwembwe. Niliukandamiza taratibu, kwa mikono yote miwili, taji lisije likakosa hata mstari mmoja.