Magunia Kumi na Mawili ya Madamu Alida

Madamu Alida anafundisha fizikia katika shule yetu ya sekondari hapa Kagarama, na mimi ninafundisha Kiswahili. Kwa miaka kumi na minne tumekaa meza moja kwenye chumba cha walimu, kwa hiyo kasoro zake ninazijua kuliko ndugu zake. Hunywa chai yangu bila kuomba. Hawezi kupita mbele ya ubao wenye hesabu ya mtu mwingine bila kusimama kuikagua. Na akishapiga hesabu mwenyewe, hata jua likimkatalia, atalishangaa jua.

Amekulia Buyenzi, Bujumbura, na mwakani anastaafu. Ndiyo maana mkutano wa Jumamosi ulimkaa moyoni. Walimu wa fizikia wa shule kumi na mbili wangekuja kuona somo lake la mwisho la mwanga, na kila mmoja angeondoka na picha ya upinde wa mvua ya kutundika darasani. Sisi hatununui picha za kufundishia. Tunafua gunia la mchele, tunalikata ubavuni, tunalichora. Alida hakutaka rangi ya kupaka, maana huchujuka. Alitaka upinde wa vitambaa, ulioshonwa.

"Nitaondoka," aliniambia, "lakini magunia yatabaki ukutani miaka ishirini. Sitaki yabaki na uongo."

Fundi alikuwa Shami, mshonaji wa mtaa wa Biryogo, mtu mpole anayezungumza na sindano midomoni. Jumanne tulipopita kwake alikuwa amemaliza magunia saba: tao la vipande vya vitenge, nyekundu nje, zambarau ndani. Alida aliyaangalia, akatoa karatasi yake.

"Fundi, umepindua. Zambarau inatakiwa kuwa juu, nyekundu chini."

Shami alitoa sindano mdomoni. "Madamu, mimi naona nyekundu iko juu siku zote."

"Unakumbuka vibaya. Angalia hapa."

Karatasi ilikuwa na tone moja la mvua, kubwa kama sahani. Mwale wa jua unaingia na kupinda, unagonga ukuta wa nyuma wa tone na kurudi, kisha unapinda tena ukitoka. Maji hupinda zambarau kidogo zaidi ya nyekundu, kwa hiyo rangi zinatoka zimeachana. Na kweli, kwenye karatasi, mwale wa zambarau ulitoka ukiwa juu, wa nyekundu chini yake. Mimi niliitikia kwa kichwa, kama nilivyozoea kuitikia asemapo mambo ya fizikia. Shami alimtazama mwalimu mwenye mvi na miwani, akachukua wembe, akaanza kufumua. Magunia saba. Nilimwonea huruma.

Njiani nilimuuliza Alida kwa nini upinde hauji mkubwa leo na mdogo kesho. Hilo alilipenda.

"Miale inaingia kwenye tone kila mahali," alisema, "katikati, pembeni, pembeni zaidi. Kadiri inavyoingia pembeni, ndivyo inavyorudi ikiwa imetanuka mbali na mstari wa jua. Lakini kutanuka huko kuna kikomo. Ikifika digrii arobaini na mbili hivi, inageuka na kuanza kupungua. Ukirusha mpira juu, wapi unakawia?"

"Pale unapogeuka."

"Basi na miale inarundikana pale pale inapogeuka. Kwingine imetawanyika, haionekani kitu. Hapo imejaa, inang'aa. Nyekundu inajaa kwenye arobaini na mbili, zambarau karibu na arobaini. Tone liwe kubwa au dogo, hesabu ni ile ile." Alinywa maji ya chupa yangu. "Na katikati ya duara la upinde ni kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Kila mtu ana upinde wake."

Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, tulikwenda kuchukua mzigo. Mvua ilikuwa imetufungia chini ya bati la Shami pamoja na magunia kumi na mawili, yote zambarau nje. Ilipoanza kupungua, jua likatokea nyuma yetu, upande wa magharibi. Shami alitoka hadi mwisho wa uchochoro, akasimama kidogo, akarudi.

"Madamu, samahani. Njoo uone."

Upinde ulikuwa umesimama mashariki, upande wa Kicukiro, mzima, mguu hadi mguu. Nyekundu nje. Zambarau ndani.

Alida alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilijua anatafuta kosa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilitafuta mahali ambapo halikuwepo. "Nimeuona mara mia," alisema polepole. "Sijawahi kuuangalia." Nilitaka kumtania, nikaacha. Uso wake ulikuwa umenyong'onyea, nami nampenda yule mama.

Alirudi ndani bila kusubiri upinde ufifie. "Fundi, nipe vifungo viwili. Na uzi mwekundu na wa zambarau."

Tulishika vifungo ukutani, kimoja juu, kimoja chini. Hayo yalikuwa matone. Kutoka kila kifungo Alida alivuta nyuzi mbili kuja upande wetu, nyekundu ikiteremka kwa mwinamo mkali zaidi, zambarau kwa mwinamo mdogo, kama hesabu yake ilivyosema. Kisha akamweka Shami asimame katikati ya chumba.

Kutoka kifungo cha juu, uzi mwekundu uliteremka ukaishia kwenye jicho la Shami. Wa zambarau ulipita juu ya kofia yake. Kutoka kifungo cha chini, ule wa zambarau ndio uliofika jichoni, na mwekundu ukamgonga kifuani.

Alida alifuata kila uzi kwa kidole hadi kwenye kifungo chake.

"Tone moja halikupi rangi zote," alisema mwishowe. "Linakupa moja tu, nyingine zinakupita. Ile nyekundu inatoka kwa matone ya juu. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Mimi nilichora tone moja nikasahau kuweka mtu wa kuliangalia." Akamgeukia Shami. "Fundi, nimekufumulisha kazi nzuri. Nisamehe."

"Hakuna shida, Madamu. Iko siku mbili bado."

Alishona usiku na mchana. Lakini Alida alimwomba afumue magunia kumi na moja tu, na alibaki na moja kama lilivyo; shule ya kumi na mbili ingesubiri lake. Nilimsihi alichome, maana hakuna mtu angejua. Aliniambia ninywe chai.

Jumamosi alilitundika lile bovu ubaoni, mbele ya walimu kumi na wawili wa fizikia, wote na shahada zao. Pembeni akachora tone lake moja. Alieleza miale, arobaini na mbili, arobaini, kila kitu kama alivyotueleza sisi. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Hakuna aliyekuwa na neno. Waliitikia, wakanakili kwenye madaftari yao. Mmoja alisema picha ni nzuri sana.

"Na mimi Jumanne niliamini hivyo hivyo," alisema Alida. "Kuna mtu mmoja aliyekataa, nami nikamnyamazisha. Fundi Shami, simama, waulize walimu swali moja."

Shami, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango na magunia kumi na moja mapajani, alisimama taratibu. Alikuwa na haya, akawa anaangalia sakafu.

"Alhamisi mvua ilipokatika," alisema, "nyinyi mlikuwa mnaangalia wapi?"