Karani Masalu na Barua Isiyo na Matusi

Masalu, karani wa mizani katika kinu cha pamba, alifika amefura kwa hasira kwenye baraza la Mzee Chenge, aliyewaandikia watu wa Mwanza barua kwa taipureta yake.

"Shikamoo, mzee. Naacha kazi! Jumamosi tajiri wangu, Bwana Fatehali, kanizaba kofi mbele ya wakulima. Nimeshaandika, wewe piga chapa tu."

Chenge aliisoma karatasi. Kila mstari ulikuwa na mbwa au shetani wake. "Ukimpa hii, hatakuandikia cheti cha tabia njema, na hutaajiriwa popote. Nitoe matusi?"

"Toa. Lakini mambo yenyewe usiache hata moja!"

Mashine ikalia. Kisha Chenge, kama kawaida yake, akaisoma barua kwa sauti, na waliongoja zamu wakasikiliza:

"Bwana, baada ya miaka tisa naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi. Jumamosi ulinipiga kofi mbele ya watu, baada ya mvua kulowesha magunia kumi na mawili ya wakulima, ambayo sikuyafunika kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kunywa pombe. Nitakabidhi funguo za ghala. Nashukuru kwa kunifundisha kazi."

Chenge hakuwa ameongeza neno lake; alitoa matusi tu. Kwenye benchi, Mama Dorotea wa Igoma aliinua uso, akamtazama Masalu. Magunia mawili kati ya yale yalikuwa yake.

Masalu aliinama sikioni mwa Chenge.

"Mzee, nirudishie japo matusi mawili matatu."