Shahada, au Uzoefu Unaolingana

Nikikumbuka msimu ule, naukumbuka kama mtu anayeamka usingizini mchana. Ukungu ulishuka milimani, ukakaa juu ya mashamba ya mpunga hadi saa nne, na harufu ya siki ya kakao iliyovundikwa ichachuke ikatuingilia dirishani pale Mbugani. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Karatasi zilinyonya unyevu mpaka kalamu ikawa inazama. Mimi nilikuwa karani wa mradi wa kakao. Mkuu wangu alikuwa mratibu, kijana aliyeletwa kutoka Morogoro, mpole wa sauti na mgumu wa kanuni.

Tulihitaji msimamizi wa ubora. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia kila kijiji na mizani zao, chama cha ushirika kikabaki na maghala matupu. Watu wake wengi walikuwa wamepunguzwa kazini. Tangazo letu, lililobandikwa mpaka misikitini na makanisani, lilisema: shahada ya kilimo, au uzoefu unaolingana nayo.

Hilo neno "au" lilituletea bahasha themanini. Kila aliyewahi kushika gunia alijiona analingana.

Kabla ya kufungua hata moja, mratibu alinikalisha tuandike maana yake. Nilimwona anajichosha bure. Alisema tukifungua kwanza, tutaipinda maana imfuate mtu tunayempenda. Basi tukaandika: miaka peke yake haitoshi. Atakayelingana ni yule aliyefanya kazi ambayo tungempa mwenye shahada, yaani kupima na kuamua mwenyewe, kufundisha wengine, na kulaumiwa mzigo ukiharibika. Na awe na cha kuthibitisha. Akifika hapo, ataitwa kwenye usaili sawa na msomi. Kazi hajaipata bado.

Mzee mmoja alikuwa na miaka ishirini na mbili ya kutunza ghala. Alihesabu magunia, akafunga mlango, akafungua mlango. Nilimwonea huruma, nikamweka pembeni. Vijana wawili wenye shahada walipita, ingawa mmoja aliandika "kakao" kama kitu alichokisikia redioni.

Kisha ukaja wasifu wa mama mmoja wa Ndandalo. Nusu ukurasa, mwandiko wa mkono. "Chama cha ushirika, mpimaji, miaka kumi na tisa. Kazi: kupima." Basi. Nikaushusha kwenye rundo la hapana, nikanywa chai yangu.

Mratibu akaurudisha. "Kupima nini? Uzito au ubora?"

"Hakusema, bwana. Si wewe uliyesema awe na cha kuthibitisha?"

"Ndiyo. Ila kutojua si sawa na hapana. Waandikie wote ambao hawakueleweka, barua moja, maswali yaleyale."

Zilitoka barua saba. Walijibu wawili. Mama wa Ndandalo hakuandika, alikuja mwenyewe, miguu ina tope mpaka kwenye vifundo, akaketi kwenye ukingo wa benchi kana kwamba benchi lina mwenyewe.

"Ugonile, mama," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, mwanangu."

Mratibu akamuuliza alipima nini. Ubora, akasema. Alichukua punje mia katika kila mzigo, akazipasua kwa kisu, akatazama rangi ya ndani. Ya kijivu haikuvundikwa. Ya zambarau imetolewa mapema. Ya kahawia imeiva. Halafu akatafuta kuvu na wadudu.

"Na nani aliamua mzigo upokelewe au ukataliwe?"

"Ofisi," akasema.

Mratibu akanitazama. Ikiwa iliamua ofisi, mama huyu alikuwa mkono wa mtu mwingine tu. Akamshukuru kwa heshima zote, akainua kalamu.

Sijui kilichonisukuma. Pengine ni vile mama alivyotazama kalamu ile. Nilimsindikiza nje, chini ya bati la duka, mvua nyembamba ikianguka bila sauti, nikamwambia wazi kwamba jibu lile ndilo linalomwangusha.

"Katibu wa chama ndiye alikuwa anatia sahihi," akasema. "Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Ukikataa kakao ya jirani yako, utakwenda kuteka maji wapi? Utamzika nani, na wewe utazikwa na nani? Yeye alikuwa mtu wa kuja, watu wakimchukia atahamishwa. Mimi naishi nao."

"Kwa hiyo uliyekuwa unakataa ni wewe."

"Ni mimi. Miaka yote." Akashika khanga yake. "Ukiandika, utaandika jina langu?"

"Lazima, mama. Na tutawauliza watu."

Alikuwa mjane, amepunguzwa kazini, ana watoto watatu na robo eka. Upande mmoja kazi, upande mwingine majirani wa umri mzima. Nilitamani nimfanyie uamuzi, nikashindwa. Kesho yake alirudi na daftari alilolifunga kwa nailoni, akaliweka mezani.

"Andika," akasema.

Lilikuwa limejaa: tarehe, kijiji, jina la mkulima, punje zilizopasuliwa, aliloamua, na chini yake sababu na ushauri ambao katibu alimfikishia mkulima kama wake. Mratibu alisoma kurasa nyingi bila kuinua kichwa. Mwishoni akasema, kwa upole wake uleule, kwamba daftari mtu anaweza kuliandika hata wiki iliyopita. Tuchague mzigo mmoja, tumtafute anayejua ukweli wake.

Nikafungua kurasa za Talatala, kwetu. Nikakuta jina la baba.

Mwaka ule niliufahamu. Magunia manne yalirudishwa nyumbani, na baba akaapa mbele ya kijiji kizima kwamba alivundika siku zote sita, mvua haikuigusa, na katibu anamwonea. Karo ikakosekana, dada yangu hakurudi shule muhula ule, wala mwingine. Miaka kumi na moja baba hakumpa katibu mkono.

Daftari lilisema: "Imevundikwa vizuri sana. Kuvu ndani. Ilinyeshewa ikiwa imekauka nusu, ikaanikwa tena. Kosa si la kuvundika. Nimekataa."

Nikaisoma mara ya pili. Mama alikuwa ananitazama, na sidhani alijua mimi ni mtoto wa nani.

"Hii ni kweli," nikasema.

"Umejuaje?" akauliza mratibu.

"Ni kakao ya baba. Ilinyeshewa siku ya tatu ya kuanikwa. Baba hajui mpaka leo. Niliyeachwa kuilinda ni mimi, nikaenda ziwani kuogelea. Niliporudi niliitandaza upya, nikanyamaza."

Aibu niliyoisikia ilikuwa ya mtoto, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mhuri mezani. Mratibu akaandika katika safu ya sababu: uzoefu unalingana. Akaagiza wakulima wengine wawili waulizwe, maana mimi ni mtoto wa mhusika, na akaniondoa kwenye jopo la usaili. Wakulima wale walithibitisha yaliyoandikwa daftarini. Mmoja alimtukana mama kwanza, ndipo akathibitisha. Usaili aliushinda kwa kisu na punje, mbele ya wasomi wawili.

Jumamosi nilikwenda Talatala. Baba alikuwa anapogoa mikakao, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa kimelegea mkononi. Nilingoja anigombeze, na ningeshukuru.

Aliuliza jambo moja tu.

"Dada yako umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia.