Galoni Moja kwa Saa Nne

Nabalayo aliandika tangazo la kuuza pampu ya maji ya marehemu mumewe kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Nguvu za farasi tatu. Huwashwa kwa petroli, na ikishapata moto hubadilishiwa mafuta ya taa. Ikinguruma, walio kando yake hawasikilizani. Kalamu ikakwama penye muda wa kufanya kazi.

Khaemba, mumewe, alipokuwa hai aliwatangazia watu kanisani kwamba galoni moja huiendesha kutwa nzima. Jirani yao Nyongesa akanunua kama hiyo kwa kuamini neno lake, kisha akaja kulalamika. Khaemba akamjibu mbele ya waumini kwamba vibarua wawili wa Nyongesa ndio wanaomwibia mafuta. Nyongesa akawafukuza wote wawili.

Jana Nabalayo alipima galoni kamili, akaitia kwenye pampu na kuiwasha, akaketi bustanini na saa ya mezani mapajani. Pampu ilizimika baada ya saa nne.

“Andika kutwa, shemeji,” alisema Simiyu, mdogo wa marehemu. “Kaka hayupo kujitetea.”

“Na mnunuzi akija na saa yake? Jina letu litakuwa la waongo.”

Aliandika saa nne, akalibandika tangazo dukani, karibu na stesheni ya Nakuru. Alipogeuka, Nyongesa alikuwa nyuma yake, akilisoma polepole. Akavua kofia.

“Kumbe saa nne, mama.”

“Ndiyo.”

“Wale vijana niliowafukuza sijui walienda wapi.”